Sigara Aliyoiwasha Mama

Nyumbani kwetu Nyasubi, pale Kahama, kiberiti kilikuwepo, lakini kilikaa juu ya kabati kama dawa ya dharura. Moto wetu ulilala majivuni na kuamshwa asubuhi. Kuchoma njiti wakati jikoni kuna kaa kulihesabiwa ufujaji, na kwa Baba kulikuwa zaidi ya ufujaji. Kulikuwa ni kumvunjia heshima.

Baba hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba pale sebuleni, akanyoosha mkono wa kulia pembeni, sigara kati ya vidole viwili, wala hakugeuza shingo. "Washeni," alisema. Alisema kwa wingi, kana kwamba nyumba ilikuwa na watumishi. Aliyeitika ni Mama. Aliacha alichokuwa akifanya, akaipokea sigara kwa mikono miwili, akaingia jikoni, akapiga magoti mbele ya mafiga. Pale aliiweka mdomoni, akaisogeza kwenye kaa, akavuta mpaka ncha ikashika moto. Kisha akatema mate majivuni, akafuta kwa pindo la kanga mahali palipogusa midomo yake, akarudi kuikabidhi, tena kwa mikono miwili. Baba alisema "mm," na hiyo ndiyo ilikuwa shukrani.

Sikuwahi kuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Nilisoma, nikafika chuo kikuu, nikaandika tasnifu yenye neno "ukandamizaji" karibu katika kila ukurasa, kisha nikirudi likizo nilikaa sebuleni pamoja na Baba na kumtazama Mama akipita na sigara. Hata siku moja hayo mawili hayakukutana kichwani mwangu. Nilidhani ukandamizaji ni kitu kinachofanyika mbali, na wanaokifanya wana vyeo.

Inafaa kusema pia kwamba Mama alikuwa mlokole. Kanisa letu lilikataza pombe na tumbaku, na aliyeshikwa na kimojawapo alitengwa, yaani hakula Meza ya Bwana wala hakuvaa sare ya akina mama mpaka asimame mbele ya watu kutubu na kurudishwa kundini. Mama alivaa sare hiyo kila Jumapili: gauni jeupe, kitambaa cha bluu kichwani. Baba hakuwa mshirika. Alimpeleka kwa baiskeli, akangoja nje kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, akivuta. Jumapili, kwa kuwa jiko lilikuwa mbali, alitumia njiti.

Kikohozi cha Mama kilianza miaka ya tisini, wakati mimi nafundisha Shinyanga mjini. Mara ya kwanza nilipokisikia nilifikiri ni vumbi la kiangazi. Zahanati ilitoa vidonge, kikohozi kikapungua kwa adabu, kisha kikarudi. Hospitali ya Kahama walichunguza makohozi, wakachunguza tena, hawakuona vimelea vya kifua kikuu. Lakini picha ya kifua ilikuwa na kivuli upande wa kulia, na wakati ule mtu mwenye kivuli kifuani na aliyekonda alianzishiwa dawa za kifua kikuu hata kama makohozi yamekataa. Siwalaumu. Mara nyingi ndivyo ilivyokuwa kweli, na dawa zikamponya mtu. Mama alizimeza kwa utii wote. Alituonyesha mkojo wake ulivyogeuka rangi ya machungwa, akacheka. "Sasa nakojoa fanta," alisema. Lakini hakunenepa, na sauti ikaanza kukwaruza, na akipanda ngazi mbili za kanisa alisimama kama mtu aliyesahau kitu.

Ndipo tukaandikiwa kwenda hospitali ya rufaa Mwanza. Tulikwenda watatu: Mama, mimi, na mwanamke wa kanisani aliyekuwa shemasi wa akina mama. Kwetu mgonjwa haendi mbali bila mwanamke wa kulala chini ya kitanda chake, kumpikia uji na kumwogesha, na dada zangu wote wawili walikuwa wameolewa mbali, huko Masumbwe na kwingine, na mke wangu alikuwa Shinyanga na watoto. Shemasi alijitolea mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwema, mwenye nguvu, na mwenye masikio.

Daktari wa kifua alikuwa mtu mfupi mwenye haraka ya mikono na subira ya maneno. Alimketisha Mama akiinamia meza, akachoma sindano mgongoni katikati ya mbavu, akatoa maji. Nilitegemea maji ya manjano. Yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Akapapasa shingo, akakuta kivimbe juu ya mfupa wa mtulinga, kigumu kama punje ya mahindi makavu, akasema atakikata kipelekwe maabara. Wakati anaandika aliuliza bila kuinua macho:

"Mama, unavuta sigara?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mimi? Sigara? Mimi ni mshirika, daktari."

"Mumeo?"

Mama alinitazama. Nikajibu mimi. "Baba anavuta."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndani."

"Mnapikia nini?"

"Kuni," alisema Mama, akiwa na furaha kuulizwa kitu anachokijua. "Na zamani nilipika huko machimbo ya Rwamgasa, mama lishe, jiko la turubai. Wachimbaji wale wanakula! Asubuhi mpaka jioni kuni haziishi."

"Jiko lilikuwa na mlango, dirisha?"

"Mlango. Dirisha la nini? Upepo ungezima moto."

Daktari aliandika yote hayo. Shemasi alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji. Baadaye niligundua kwamba katika mazungumzo yale alikuwa amesikia swali moja tu, lile la kwanza.

Majibu ya maabara yalipofika daktari aliniita mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na viatu vya kufungwa. Ilikuwa saratani ya mapafu. Aliniambia ilikuwa ya aina inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza ute, aina ambayo mara nyingi ndiyo inayoonekana kwa wanawake ambao hawajawahi kuvuta. Ilikuwa imekwisha kusafiri hadi shingoni na kwenye utando wa pafu, kwa hiyo kisu hakingefaa. Dawa za saratani na mionzi vilipatikana Dar es Salaam, lakini kwa hatua ile havingemponya. Angetoa maji kila yakijaa ili Mama apumue, na angetupa dawa za maumivu.

"Ni moshi wa Baba?" niliuliza.

"Unaweza kuwa umechangia. Moshi wa jikoni pia. Mwanamke aliyepika miaka mingi kwenye jiko lililofungwa amevuta mwingi kuliko unavyodhani."

"Lakini upi?"

"Mwalimu," alisema, "mapafu hayana alama ya kuonyesha moshi huu ni wa nani. Wako wengi waliovuta moshi huohuo na hawatapata kitu. Na wako wanaopata bila moshi wowote."

Nilitaka mkosaji, naye akanipa ukungu. Nilitoka nikiwa na hasira na mtu aliyeniambia kweli.

Tuliporudi Kahama tulimwambia Mama kwamba ni uvimbe mbaya kwenye pafu. Alisikiliza, akauliza kama kuna sindano, akaambiwa hakuna ya kuponya, akasema, "Basi nataka kula Meza ya Bwana. Na nikifa mnizike na sare." Halafu akauliza kama kuku wamefungiwa. Hayo ndiyo aliyoyataka, wala hakuongeza kitu. Mambo mawili, na yote mawili yalikuwa mikononi mwa wazee wa kanisa.

Wiki ile akapita rafiki yangu wa chuo kikuu, mtaalamu wa miamba aliyekuwa akizunguka upande wa Geita na kampuni moja ya kutafuta dhahabu. Alikaa uani nikamweleza habari yote. Akaitazama nyumba yetu: ukuta wa tofali, sakafu ya udongo iliyopasuka, vidirisha viwili ambavyo Baba aliviziba kwa mabati tangu wezi walipoiba redio.

"Kuna gesi inaitwa radoni," alisema. "Inatoka ardhini. Kwenye mawe na udongo kuna urani kidogo kidogo, huwa inaoza yenyewe, na inapooza inatoa gesi hiyo. Haina rangi, haina harufu. Nje inapeperuka. Lakini kwenye mashimo ya wachimbaji, au nyumba iliyozibwa hivi, inajikusanya. Mtu akiivuta miaka na miaka inaweza kumletea saratani ya mapafu."

Siwezi kueleza nilivyofurahi. Hatimaye mkosaji asiye na ukoo! Gesi isiyo na jina la baba, isiyokaa kwenye kiti cha kamba. Nilimshika mkono.

"Kwa hiyo ndiyo hiyo."

"Sijasema ndiyo hiyo. Sina kipimo hapa. Huenda nyumba yenu haina hata ya kuzungumzia. Na kama ipo, haiondoi moshi. Vyote vinaingia kifua kilekile."

"Na mawe ya dhahabu? Baba aliwahi kuhifadhi viroba vya mawe chini ya kitanda."

Alicheka kidogo. "Hivyo vilikuwa hatari kwa vidole vya miguu. Ni ardhi yenyewe, bwana, na hewa isiyotoka. Ng'oeni hayo mabati."

Mabati niliyang'oa jioni ileile, na Baba akayarudisha kesho yake asubuhi. "Wezi hawajui radoni," alisema.

Wakati huo maneno yalikuwa yameshatangulia. Shemasi hakusema uongo. Alisema tu, kwa uchungu, kwenye kikundi cha sala, kwamba tumwombee mama yetu, maana daktari amemuuliza habari za sigara. Kutoka hapo maneno yalijiendea yenyewe. Ugonjwa ule ulijulikana: ni wa wavuta sigara. Mama Mwalimu anao. Basi. Watu wakaanza kukumbuka kwamba kanga zake zilikuwa na harufu, na ni kweli zilikuwa nayo. Nyumba yetu nzima ilinuka tumbaku, hata kitabu changu cha Biblia nilichopewa shuleni.

Wazee watatu wakaja. Walikuja mchana wa saa tisa, wakapiga hodi, wakasalimiwa, wakapewa viti. Baba aliposikia sauti zao aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha kamba, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakaa uani na mgongo wake umeegemea ukuta. Nilimwona kupitia mlango ulioachwa wazi. Angeweza kusikia kila neno.

Mkubwa wa wale wazee alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo, na tabia ya mahakama haikustaafu naye. Mama alikuwa ameegemezwa mito, maana kulala chali kulimnyima pumzi.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mwadila, baba. Karibuni."

"Hatukuja kukusumbua. Kuna maneno, tunataka yafe."

"Yaueni tu," alisema Mama.

"Je, unavuta sigara?"

"Sivuti."

"Umewahi kuvuta?"

"Sijawahi."

Wazee wawili wakavuta pumzi ya nafuu, mmoja akafungua Biblia tayari kwa sala. Lakini karani alikuwa karani.

"Umewahi kuweka sigara mdomoni mwako? Ndiyo au hapana."

Mama alifikiri. Niliona akifikiri, na nikajua atasema nini, nikataka kukohoa, kuangusha kitu, kuomba chai.

"Ndiyo," alisema. "Kila siku. Namwashia mzee."

Karani akatazama wenzake.

"Yaani unaiweka mdomoni."

"Nitaiwashaje? Ukiiweka tu kwenye kaa inaungua upande. Lazima uvute kidogo ishike."

"Unavuta kidogo."

"Naivutia yeye. Natema."

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe."

Hapo nikaingia mimi, na heri nisingeingia. Nilisimama, naamini hata nilitoa miwani. Nikaeleza kwamba daktari mwenyewe amesema ugonjwa huu huwapata wasiovuta. Kwamba kuna moshi wa mwenye kuvuta unaomwingia aliye karibu, usiku kucha katika chumba kilichozibwa, na kwamba huo ni mwingi mno kuliko huo wa kuwashia. Kwamba kuna moshi wa kuni. Kwamba kuna gesi itokayo ardhini ambayo... Nilisema kila kitu kwa mpangilio kama niko darasani, na kadiri nilivyopanga ndivyo nyuso zao zilivyofunga.

"Mwalimu," alisema mzee wa pili kwa upole, "kwa hiyo hata ardhi inavuta sigara?"

Wakacheka, si kwa ubaya. Hata Mama akatabasamu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona mgongo wa Baba pale uani. Haukusogea.

Wakasema wanavyosema siku zote, kwamba wao si mahakimu. Kwamba atubu tu, maneno machache, hata kitandani, na Jumapili ya Meza ya Bwana mchungaji atakuja. Jambo dogo kabisa.

"Nitubu nini?" aliuliza Mama.

"Hiyo ya kuvuta."

"Sikuvuta. Nikitubu nimevuta nitakuwa nimesema uongo, na hapo ndipo nitakuwa na la kutubu." Pumzi ilimkatika, akangoja irudi. "Na nikitubu kumwashia, maana yake kumwashia ni dhambi. Kanisani mlinifundisha nimtii mume. Mngesema mtii isipokuwa sigara."

Karani alisema basi kwa sasa watamwacha kando mpaka Bwana amfunulie, akaomba, wakaondoka, na shemasi akaja jioni kuchukua sare. Hivyo ndivyo desturi ilivyokuwa. Aliikunja kwa uangalifu, bila kututazama, na alipofika mlangoni aliinusa bila kujua, kisha akajua kwamba ameinusa mbele yetu. Sijawahi kuona mtu akiteremka ngazi haraka vile.

Aibu ya siku zile naikumbuka mwilini. Nilipokwenda sokoni Nyasubi kununua samaki wa kuchemshia Mama mchuzi, wauzaji walinisalimia kwa heshima iliyozidi. Jirani aliniambia, "Pole, Mwalimu, tumesikia mama alikuwa na siri," na mimi, mwenye shahada, nilisema "asante." Nyumbani hakuna aliyemtazama mwenziwe. Mama alimwonea aibu Mungu kwa kosa asilolifanya. Mimi nilimwonea aibu Baba. Na Baba aliacha kusema "washeni." Alianza kutoka nje na kiberiti, na Mama, kutoka kitandani, alisikia kila njiti iliyokwaruzwa na kuzimwa na upepo.

"Anamaliza njiti," aliniambia. "Mpelekee kaa."

"Mama!"

"Mpelekee kaa, mwanangu. Hajui kuwasha."

Nilimpelekea kaa kwenye koleo. Baba akalitazama, akanitazama, akairudisha sigara mfukoni. Nikarudi ndani na kaa langu kama mtu aliyetumwa dukani akakuta pamefungwa.

Jumapili ya Meza ya Bwana nilikwenda kanisani peke yangu. Nilikusudia kumkabili mchungaji baada ya ibada, na nilikuwa nimejiandalia hotuba nyingine, fupi zaidi, isiyo na gesi. Katikati ya matangazo mlango wa nyuma ukafunguliwa, Baba akaingia. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona upande wa ndani wa ukuta ule. Akapita katikati ya mabenchi, kofia mkononi, na kanisa zima likageuka. Kwaya ikaanza "haleluya" kwa sauti ya chini, kwa sababu walidhani amekuja kuokoka.

"Sikuja kwa hilo," Baba aliwaambia. Haleluya ikanyamaza.

Mchungaji, kijana kuliko mimi, alisema, "Karibu, baba. Sema."

Baba hakujua mtu husimama wapi. Akasimama pembeni ya meza yenye mkate, akawa hatutazami sisi wala mchungaji, anatazama sakafu.

"Sigara ni zangu," alisema. "Yeye hakuvuta. Aliniwashia. Nilimwambia washa, akawasha. Miaka yote." Mtoto mmoja akalia akanyonyeshwa. "Nilikuwa na mikono. Ningewasha mwenyewe. Ningevutia nje. Hakuna aliyenikataza, na yeye angenikatazaje?"

Karani akainuka nusu. "Baba Mwalimu, tunashukuru, lakini utaratibu—"

"Daktari amesema huenda ni moshi wangu, huenda ni wa jiko. Mwanangu anasema ni wa ardhini." Watu wakacheka kidogo, nami nikatazama viatu vyangu. "Mimi sijui. Ninaloweza kusema ni hilo langu. Mnamtenga yeye kwa sigara yangu. Nitengeni mimi."

"Huwezi kutengwa, mzee," alisema karani, kwa huruma kabisa. "Wewe si mshirika."

Baba akalifikiria hilo kwa makini, kama mtu aliyeambiwa hana karatasi fulani.

"Basi nibatizeni kwanza," alisema, "halafu mnitenge."

Sasa walicheka wote, hata mchungaji, na kicheko kilikuwa kikubwa kiasi kwamba kilichelewa kujua kwamba Baba hachekeshi. Kikafa vipande vipande, benchi baada ya benchi. Alikuwa amesimama na kofia, uso wake umelowa, na hakujifuta kwa sababu hakuzoea kuwa na cha kufuta. Nilipaswa kwenda kusimama naye. Upande wa akina mama niliona vichwa vya bluu vimeinama, vingi kuliko vilivyopaswa kuinama kwa ajili ya mwanamke mmoja.

Mchungaji hakufanya mkutano wa wazee. Alimshika Baba mkono, akamwambia akakae, na mchana ule alikuja nyumbani na mkate na kikombe. Nyuma yake alikuja shemasi na sare, imefuliwa na kupigwa pasi. Baba alibaki uani. Mama alikula kipande kidogo, maana kumeza kulishaanza kuwa kazi, na alipoambiwa aliyoyasema Baba kanisani alifumba macho.

"Mbele ya watu wote?" aliuliza.

"Wote," nilisema.

"Masikini. Alivaa koti?"

Mchungaji alipoondoka shemasi alibaki, akakaa ukingoni mwa kitanda, akainamia sikio la Mama, lakini sauti yake haikujua kunong'ona.

"Mama Mwalimu, mume wangu mimi huwa namwonjea pombe kabla sijampa. Ndivyo alivyofundishwa kwao. Naonja kila siku."

Mama alifumbua macho. "Unameza?"

"Kidogo."

Mama akacheka, kikohozi kikamshika, tukamwinua, na alipotulia bado alikuwa akicheka bila sauti, mkono wake juu ya mkono wa shemasi.

Alikufa kabla ya mvua. Tulimzika na sare.

Watu huniuliza kama Baba aliacha sigara. Hakuacha. Hakubatizwa pia. Alivutia nje ya ua, mbali, akisimama kama mtoto aliyefukuzwa darasani, na mabati ya madirisha aliyang'oa mwenyewe bila kuambiwa, siku ambayo hakukuwa tena na mtu wa kupumua ndani. Redio iliibwa tena.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na matanga. Tulikaa sebuleni wanaume kwa wanaume, na Baba kwenye kiti chake cha kamba, akisikiliza mtu akisimulia habari ya ng'ombe. Nilimwona akitoa sigara. Akanyoosha mkono wa kulia pembeni, bila kugeuza shingo. Mkono ukangoja. Mke wangu, aliyekuwa akipita na sinia, akasita, maana baba mkwe hangojeshwi. Baba akaona mkono wake mwenyewe. Akaugeuza kiganja juu taratibu, kana kwamba aliunyoosha kupima mvua ndani ya nyumba, kisha akaurudisha mfukoni. Msimulizi wa ng'ombe akaendelea kwa sauti kubwa zaidi.

Sikuweza kukaa pale. Nilitoka, nikaenda jikoni, ambako wanawake walikuwa wakipika ugali wa matanga kwenye mafiga ya Mama. Walikuwa sita au saba katika chumba ambacho ng'ombe wawili wangebanana, na moshi ulitanda kuanzia kiunoni kwenda juu. Dada yangu wa Masumbwe alikuwa amepiga magoti akipuliza, macho yanachuruzika, mtoto mgongoni. Nikasukuma mlango ukafunguka wote, nikaweka jiwe usirudi. Moshi ukatoka kwa wingi ukinipita usoni.

"We Mwalimu, funga!" walipiga kelele. "Upepo unaua moto! Watu wana njaa huko!"

"Moshi," nilisema. "Huu moshi..."

"Ulizaliwa humuhumu, hukufa. Funga mlango, kaka."

Nilisimama hapo. Nilikuwa na maneno yote: ute, utando, chembe, gesi. Nilikuwa nimekwisha kuyatamka mbele ya wazee na nilijua yana uzito gani. Sebuleni waliitisha chakula.

Niliondoa jiwe, nikafunga mlango.